Kuvu ya Pua: Mwenye Sukari Asingoje Asubuhi



Mkate ukisahauliwa kabatini siku 3 katika joto letu la pwani, huota manyoya ya kijivu yenye vitone vyeusi. Wataalamu huuita ukungu huo raizopasi, na mbegu zake ni vumbi jepesi lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo twalivuta puani kila siku, pamoja na la kuvu nyingine, tukifagia ua, tukigeuza majani yaliyooza au tukifungua stoo yenye unyevu. Kwa walio wengi halidhuru kitu. Kamasi hulinasa, na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hulimaliza.

Juma hili twataka kuzungumzia watu wa namna 2 ambao kwao mambo hayaishii hapo. Mmoja mwili wake humpiga adui kupita kiasi, na wa pili mwili wake hauwezi kumpiga. Maradhi yao huanzia mahali pamoja na huonekana mwanzoni kama mafua tu. Lakini la kwanza ni la miezi, na la pili ni la saa. Isitoshe, dawa inayomponya wa kwanza yaweza kumwangamiza wa pili. Hapo ndipo tunapotaka msomaji wetu asimame na kuzingatia.

Kwanza na tufahamu mahali penyewe. Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa vilivyounganishwa na pua: ndani ya mashavu, baina ya macho, na juu ya nyusi. Chini ya vyumba vya mashavu pana kaakaa na mizizi ya meno ya juu. Ukuta unaotenga vyumba vya kati na jicho ni mwembamba kama karatasi, na juu yake ubongo hauko mbali. Basi jambo likiharibika katika vyumba hivi, huwa na majirani wa thamani kubwa.

Mtu wa kwanza ni yule mwenye mzio. Mara nyingi ni kijana mwenye afya, ambaye tangu utotoni hupiga chafya au huwa na pumu. Mbegu za kuvu, kama zile za aspagilasi, hunasa katika vyumba vyake, na mwili hukasirika. Ngozi laini ya ndani huvimba, nyama za puani huota, na kamasi hugeuka kuwa tope zito la rangi ya kahawia au kijani, linalonata kama siagi ya njugu. Kuvu haiingii katika nyama ya mwili, bali hukaa juu yake kama ukungu juu ya ukuta. Kijana huyu atalalamika kwa miezi, hata miaka: pua imeziba, harufu ya chakula haisikii, na pengine hutoa vipande vigumu vya kamasi. Maradhi haya hupatikana zaidi katika nchi za joto na unyevunyevu, na pwani yetu ni miongoni mwazo.

Tiba yake ni ya utaratibu. Daktari wa masikio, pua na koo huingiza kamera nyembamba puani, akaondoa zile nyama na kulikomba tope lote. Kisha mgonjwa hupewa dawa za steroidi, kwanza tembe kwa muda mfupi, halafu dawa ya kupuliza puani, ili kuituliza hasira ya mwili, na hufundishwa kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Maradhi haya hupenda kurudi, kwa hiyo kumwona daktari mara kwa mara ni sehemu ya tiba. Yakiachwa muda mrefu huweza kuusukuma mfupa na hata jicho, lakini huenda kwa mwendo wa kobe.

Mtu wa pili ni mwenye ugonjwa wa sukari, na hasa yule ambaye sukari yake imepanda sana bila kudhibitiwa. Sukari inapokuwa juu, chembe nyeupe za damu huwa kama askari waliolewa usingizi. Na ikiwa insulini imepungua mno, mwili huanza kuyeyusha mafuta, na damu huingia asidi. Asidi hiyo huyafungua madini ya chuma ambayo kwa kawaida hufungwa barabara ndani ya damu, na chuma ndicho chakula ambacho raizopasi hukitamani. Hivyo adui hupata vitu 2 kwa pamoja: mlango usio na mlinzi, na meza iliyoandaliwa.

Hapo kuvu haikai juu ya nyama tena. Huchimba na kuingia ndani ya mishipa ya damu, damu ikaganda humo, na nyama iliyokuwa ikilishwa na mishipa hiyo ikafa. Nyama iliyokufa hugeuka kuwa nyeusi. Ndiyo maana kule India, mwaka 2021, maradhi haya yalipowazukia zaidi ya watu 40,000 katika wimbi la korona, watu waliyaita kuvu nyeusi. Wengi wao walikuwa na sukari, na wengi walikuwa wametumia steroidi kwa ajili ya korona, dawa ambazo huipandisha sukari na huwalaza askari wa mwili.

Tutoe mfano tulioutunga kutokana na mwenendo wa maradhi yenyewe. Mama wa miaka 56 ana sukari kwa miaka 12, na insulini imemwishia tangu majuma 2. Jumapili anaumwa na shavu la kulia na meno ya juu, na pua ya upande huo imeziba. Jumatatu anapewa tembe za mafua na za kuua bakteria. Jumanne shavu limevimba, na mtu mwenye nia njema anamwambia hiyo ni aleji, akamdunga sindano ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Uvimbe unapungua kidogo, lakini sukari inapaa usiku kucha.

Jumatano asubuhi mama anasema maumivu yametulia, ila shavu amelihisi kama si lake. Jamaa wanashukuru kwamba anapona. Kumbe hiyo ndiyo habari mbaya kuliko zote. Maumivu yametulia kwa sababu mshipa wa fahamu unakufa. Jioni ukope wa kulia unalegea na mama anaona vitu viwili viwili, maana yake kuvu imeshavuka ule ukuta wa karatasi. Alhamisi, bintiye akimtazama kinywani, anaona alama nyeusi juu ya kaakaa.

Tuirudie safari hii. Jumapili hakuna aliyeweza kujua, kwani kila mtu huumwa na pua. Lakini sukari ingepimwa siku ile ile, kipimo kingeonyesha namba kubwa mno, au kingeandika HI, yaani imepita uwezo wa kifaa. Jumatatu, mwenye sukari ya namna hiyo, tena uso unauma upande mmoja, alistahili hospitali wala si duka la dawa. Jumanne, sindano ya steroidi isingedungwa kabla ya pua kutazamwa. Na Jumatano, ganzi ya shavu ilikuwa sababu ya kutafuta gari saa ile ile, ijapokuwa ni usiku wa manane.

Je, hospitali hufanya nini? Hufanya mambo 3, na hayangojani. Hushusha sukari na kuiondoa asidi kwa insulini na maji ya mshipani. Daktari wa pua hutazama kwa kamera, akakata kipande cha nyama kipelekwe maabara, na nyama yote iliyokufa huondolewa kwa upasuaji, pengine zaidi ya mara moja. Na hutiwa dawa ya amfoterisini B mshipani. Jamaa wengi huuliza kwa nini dawa peke yake haitoshi. Jibu lake ni kwamba dawa husafiri katika damu, na mahali palipokufa damu haifiki. Amfoterisini nayo huweza kudhuru figo, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu kila mara. Wala tusidhani kila dawa ya kuvu yafaa, kwani flukonazoli, inayotumiwa sana kwa kuvu za ukeni na kinywani, haiwezi kitu mbele ya raizopasi.

Kuchelewa kuna gharama iliyopimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wagonjwa wa saratani ya damu waliopatwa na kuvu za jamii hii, wale ambao dawa yao ilichelewa siku 6 au zaidi walifariki karibu mara mbili ya wale walioanza mapema. Hata kwa matibabu, maradhi haya huua watu wengi, na wanaonusurika huweza kupoteza jicho au sehemu ya kaakaa.

Basi nyumba yenye mtu wa sukari na ikumbuke dalili hizi: maumivu au uvimbe wa uso upande mmoja, ganzi ya shavu, kamasi yenye damu au kigaga cheusi puani, doa jeusi kwenye kaakaa, meno ya juu kulegea ghafula, ukope kuanguka, jicho kutokeza, au kuona kwa shida. Zikiandamana na kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu au usingizi usio wa kawaida, huenda asidi imeshaingia katika damu. Weusi huchelewa kuonekana, kwa hiyo kutouona si amani. Na hata kijana mwenye mzio, macho yake yakibadilika, naye huwa wa dharura.

Mkifika hospitalini msiseme tu kwamba ana mafua. Semeni: "Mgonjwa wetu ana sukari, sukari yake ni kiasi hiki, uso unamuuma upande mmoja na shavu lina ganzi tangu siku fulani. Twaogopa kuvu ya pua. Twaomba pua itazamwe kwa kamera leo." Tajeni pia kila tembe na sindano aliyopewa juma lile, hasa ile iliyoitwa ya aleji. Na ikiwa hospitali hiyo haina daktari wa pua, ombeni insulini ianzwe papo hapo, kisha mgonjwa apelekwe penye daktari huyo usiku ule ule.