Laini imekufa, picha ya mtoto bado ipo

Mama mmoja wa Kipalapala aliibiwa simu. Laini ilisajiliwa kwa NIDA ya shemeji aliyekwishafariki, hivyo kampuni ya simu ilikubali kuifunga tu, si kuirudisha. WhatsApp ikabaki na picha ya mwanawe.

Alitumia barua pepe ya dada yake kuandika kwa support@support.whatsapp.com:

```
Lost/Stolen: Please deactivate my account
```

Chini yake akaweka namba, ikianza na +255 badala ya sifuri.

Mzazi, usishtuke picha ikiendelea kuonekana. Akaunti husimamishwa kwanza. Isipofunguliwa tena ndani ya siku 30, hufutwa kabisa. Laini ikiwa hai, mwizi hupokea kodi na kuifungua. Ndiyo maana laini ilitangulia kufungwa.