Stopi yako haifai kukaa mahali roho yako imetulia

Hii maneno nimeiandika kwa komenti za watu mpaka vidole vikachoka, so wacha niiweke hapa mara moja. Wasee wengi tunaotredi foreksi kwa simu tunaweka stopi mahali roho inatulia, si mahali chati inasema. Mmoja anaweka pipsi 10 juu 10 ni namba smati. Mwingine anaisogeza karibu ndio akiumia aumie kidogo. Na laini za trendi ndio balaa kabisa: patia watu watatu chati moja, watakuchorea laini tatu, na kila laini itakubaliana na kile mwenyewe alikuwa ashaamua kufanya.

Maoni yangu ni kwamba stopi na laini zifungwe kwa fraktali. Hapa simaanishi zile fraktali za hesabati zenye picha za rangi rangi. Naongelea ile ya Bill Williams, treda Mmarekani aliyeieneza miaka ya 1990. Kwa MetaTrader ya kompyuta iko chini ya Insert, Indicators, Bill Williams, Fractals.

Sheria yake ni rahisi. Unaangalia mishumaa mitano inayofuatana. Kama ule wa katikati ndio umeshuka chini kuliko miwili ya kushoto na miwili ya kulia, hiyo ni fraktali ya chini. Ukipindua hiyo sheria unapata fraktali ya juu. Basi. Haijali unataka kununua ama kuuza, wala jana ulipigwa aje. Mimi na wewe tukiwa na chati ya broka mmoja, saa moja, tutaonyesha mshumaa ule ule. Hiyo ndiyo maana ya kipimo kisichokuwa na upendeleo.

Sasa kuna kitu watu huruka, na ndio kinawamaliza. Fraktali haijulikani ikitokea. Inajulikana mishumaa miwili baadaye, ule wa tano ukishafunga. Kwa chati ya saa moja, hapo umengoja kama saa mbili. Mshale unaweza kujitokeza kabla mshumaa wa tano haujafunga, halafu bei ishuke chini ya ule wa katikati na hesabu yote ivunjike. Ndio maana chati ya wiki iliyopita inakaa ni kama ingekuwa rahisi: unaona mshale pale chini kabisa na unajiambia ungenunua hapo. Hungeweza. Wakati huo mshale haukuwepo.

Tuchukue mfano na namba, EUR/USD kwa chati ya saa moja. Bei za chini za mishumaa mitano ni 1.0842, 1.0836, 1.0821, 1.0829 na 1.0838. Wa tatu ndio wa chini kabisa, so fraktali yetu ni 1.0821. Mshumaa wa tano unafunga 1.0846. Ukinunua hapo, na spredi ya pip moja, unaingia 1.0847. Bei ishapanda pipsi 25 kutoka chini, na hiyo ndiyo gharama ya kungoja uhakika. Mimi sioni shida kuilipa.

Stopi inaenda chini ya fraktali, si juu yake kabisa. Acha nafasi ya pipsi mbili, iwe 1.0819. Sababu yake iko wazi: bei ikishuka chini ya hapo, ile hoja yako kwamba wanunuzi walishikilia 1.0821 imekufa, na hakuna haja ya kubaki ndani. Umbali wa kutoka ulipoingia hadi kwa stopi ni pipsi 28.

Hapa sasa ndio watu hukosea mpangilio. Loti ndogo kabisa kwa mabroka wengi ni 0.01, na kwa EUR/USD kila pip hapo ni senti 10 za dola. Pipsi 28 ni dola 2.80. Kama akaunti yako ina dola 100 na umejiwekea sheria ya kutohatarisha zaidi ya asilimia 2, mwisho wako ni dola 2. Haitoshei. Treda wengi wataivuta stopi hadi pipsi 20 ndio hesabu ikubali, lakini sasa iko 1.0827, katikati ya hewa, mahali bei inaweza kupita ikitembea tu bila kuharibu chochote. Jibu sahihi ni kuacha hiyo tredi. Fraktali inaamua stopi, stopi inaamua loti, na loti isipotoshea unakaa nje. Mwenye dola 200 anaruhusiwa dola 4, so yeye anaingia bila shida.

Ukiwa unauza, ongeza kitu kimoja. Chati ya MetaTrader kwa kawaida inachorwa na bei ya Bid, lakini tredi ya kuuza inafungwa na bei ya Ask, ambayo iko juu kidogo. Kwa hivyo stopi yako juu ya fraktali lazima ihesabu spredi pia. Wale hulia eti "broka amenitoa na bei haikufika hapo", wengi wao Ask ilifika. Usiku spredi ikipanuka ndio huonekana sana.

Laini ya trendi nayo inafuata njia hiyo hiyo. Chukua fraktali mbili za mwisho za chini zilizothibitishwa, ya pili ikiwa juu ya ya kwanza. Tuseme ya kwanza ilikuwa 1.0781, na ile yetu ya 1.0821 ikaja mishumaa 20 baadaye. Hiyo ni pipsi 40 kwa mishumaa 20, yaani laini inapanda pipsi 2 kila saa. Mishumaa 15 mbele itakuwa 1.0851, na hiyo namba uliijua mapema, kabla bei haijafika. Kama bei itashuka hadi 1.0853 hapo karibu na laini, igeuke, na mishumaa miwili ithibitishe, una fraktali mpya. Sogeza stopi hadi 1.0851, na sasa hata ukitolewa umebaki na pipsi 4 badala ya hasara. Laini naihesabu imevunjika mshumaa ukifunga chini yake. Utambi pekee hautoshi.

Sitakudanganya kwamba hii inakupa faida. Soko likiwa halina mwelekeo, mishale inajaa juu na chini kila mahali, na stopi zako zitapigwa moja baada ya nyingine kwa sheria safi kabisa. Pia viwango hivi vinaonekana na kila mtu, kwa hivyo bei hupenda kupita hapo kidogo halafu irudi. Kwa chati ya dakika tano utaona hiyo kila siku. Unaweza kudai mishumaa mitano kila upande badala ya miwili, na utapata fraktali chache zenye uzito, lakini kwa chati ya saa moja sasa unangoja saa tano.

Kitu unachopata ni hiki: ukipoteza tredi 20, unaweza kurudi kwa chati na kuuliza kama sheria ndiyo mbaya ama wewe ndiye hukuifuata. Mwenye anaweka stopi kwa kuhisi hawezi kuuliza hilo swali, juu kila tredi alitumia sheria tofauti.