Lie na lay zipewe mistari miwili

Katika jedwali la vitenzi vya Kiingereza visivyo vya kawaida, naomba lie na lay zitenganishwe, kwa sababu hapo wanafunzi wengi huanguka. Lay ni umbo la msingi la kitenzi kimoja na wakati uliopita wa kingine. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna njia rahisi: lala na laza.

Lala: lie, lay, lain. The baby lay on the mat. Mtoto alilala mkekani.

Laza: lay, laid, laid. She laid the baby on the mat. Alimlaza mtoto mkekani.

Katika wakati uliopita, ukiona anayelazwa au kinachowekwa, andika laid. Hayupo? Andika lay. Na lie ya kudanganya ni ya kawaida kabisa: lied, lied. Isiingizwe humu.