Baraka: Simu ikipotea, mchezo haupotei, kinachopotea ni mlango

Wiki hii nataka kuongea juu ya jambo ambalo wazazi wengi hapa Baraka wanalicheka. Kijana mmoja wa miaka 17, jamaa yake ilikimbia kutoka Uvira, alikuja kwangu na uso wa msiba. "Yaya, Free Fire imenifuta. Naanza tena levo ya 1."

Mama yake alisema ni mchezo tu. Lakini kijana hakulilia bunduki wala nguo za mchezo. Alilia orodha ya marafiki. Wenzake watatu aliosoma nao sasa wako kambi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Namba zao zimebadilika. Mahali pekee walipokuwa wakikutana jioni ni ndani ya ule mchezo.

Simu yake ya kwanza ilizama ziwani wakati wa kushuka mtumbwi. Akanunua nyingine iliyokwisha kutumika, rafiki akamtumia Free Fire kwa Xender, akaifungua, akakuta kila kitu ni kipya.

Nilimuuliza swali moja: zamani ulikuwa unaingia kwa mlango gani? Akajibu: kwa Facebook. Na kwenye hii simu? Akasema alibonyeza Google kwa sababu ilikuwa tayari, na imeili ni ile ile.

Kosa ni hapo, na ndilo ninaloliona kwa vijana wengi. Maendeleo ya mchezo hayakai ndani ya simu, wala ndani ya kadi ya simu. Yanakaa kwenye mashine za kampuni ya mchezo, chini ya namba inayoitwa UID, na UID hiyo imefungwa kwa mlango uliouchagua. Xender inahamisha mchezo wenyewe, haihamishi maendeleo. Na kwa Free Fire, Facebook na Google ni milango miwili tofauti hata kama imeili ni moja. Ukibonyeza mlango mwingine, mchezo haukuambii umekosea. Unakufungulia akaunti mpya kimya kimya. Kwa hiyo ukiona levo ya 1, usianze kucheza wala kulia. Toka, rudi kwenye ukurasa wa kuingia, bonyeza mlango wa zamani.

Tulifanya hivyo. Facebook ikaonyesha "Continuer en tant que" na jina la mtu tusiyemjua: mwenye simu wa kwanza. Anayenunua simu ya mitumba awe macho hapo. Tulimtoa huyo mtu kwanza, kisha kijana akaandika namba yake. Neno la siri alikuwa amelisahau. Facebook ikataka kutuma kodi kwa namba ya zamani, ile iliyozama.

Kilichomuokoa ni kwamba kadi ile iliandikishwa kwa jina la mama yake. Mama alikwenda na kadi yake ya mpiga kura, akapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Kodi ikaingia. Tulipofungua tena mchezo, levo ilikuwa 58, na wale watatu wa Nyarugusu walikuwa kwenye orodha.

Kama angengoja muda mrefu, namba isiyotumika huchukuliwa na kuuziwa mtu mwingine. Hapo kodi ingeenda kwa mgeni. Na kama angekuwa anacheza kama mgeni, bila kufunga akaunti kwa mlango wowote, hakungekuwa na la kufanya: akaunti ya mgeni inafia na simu yake.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunaokimbia mara kwa mara tusingoje simu izame. Leo, simu ikiwa bado mkononi, fungua Facebook, ingia "Espace Comptes", kisha "Informations personnelles", uongeze imeili au namba ya pili ya mtu wa nyumbani. Andika UID yako na jina la mlango kwenye karatasi. Usifute mchezo kwenye simu ya zamani kabla ya kuona levo yako kwenye simu mpya.

Na ninyi ndugu zangu mnaotengeneza simu sokoni: mteja akija, muulizeni mlango wake, lakini msimuombe neno la siri. Aliandike mwenyewe. Anayeshika neno la siri la Facebook ameshika mchezo, barua na picha za jamaa nzima.

Kijana jana alinipita barabarani bila kuniona, macho kwenye simu. Alikuwa anacheka na mtu wa Nyarugusu.