Mwakitolyo: Unagawa nyumba ya familia upangishe? Anza na LUKU

Wachimbaji wakiongezeka Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, vyumba hutafutwa sana. Mwenye nyumba kubwa anaweza kuigawa, ila mita moja ya umeme inaweza kuharibu hesabu yote.

Chukua nyumba ya vyumba vinane, vinne kila upande wa korido. Ukitoboa mlango kati ya kila vyumba viwili jirani, unapata sehemu nne za chumba na sebule. Ziba milango ya koridoni, kisha kila sehemu ipe mlango wake wa nje. Toboa chini ya dirisha, maana lenta ya kubeba ukuta tayari ipo juu.

Sasa umeme. TANESCO humtoza mteja mdogo wa nyumbani, daraja la D1, shilingi 100 kwa uniti, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Daraja la T1 ni shilingi 292, kabla ya kodi na tozo.

Sehemu nne zikitumia uniti 40 kila moja, jumla ni 160. Kwa mita moja ya T1 ni shilingi 46,720. Kwa mita nne za D1 ni 16,000 tu. Mita ndogo za kufunga mwenyewe zinaonyesha nani katumia nini, lakini bei inabaki ileile ya mita kuu.

Mwisho, wapangaji. Wa zamu za usiku wape milango ya barabarani, familia zikae upande wa uani. Hapo hakuna atakayeamshwa saa nane usiku kufungua geti.