"Kila Siku" ni Siku Gani?

Mwezi huu naweka kando mambo ya chumbani, nawapeleka ofisini. Wengi mnaniandikia kuhusu mabosi wenye mikono mirefu na midomo isiyo na breki, mnauliza mfanye nini. Mimi mwenyewe yalinikuta Dar es Salaam mwaka 2024, na barua yangu ya kwanza kwa afisa utumishi ilikuwa aibu tupu.

Niliiandika usiku, nimevimba kwa hasira. Kurasa tatu! "Ananinyanyasa kila siku, hana heshima, ananitaka kimapenzi, kila mtu anajua, naomba hatua kali zichukuliwe." Mchumba wangu akaisoma akasema safi sana, peleka. Nikapeleka.

Yule mama wa utumishi aliisoma taratibu, akavua miwani. "Mwanangu, kila siku ni siku gani? Na kila mtu ndiye nani? Nikimwita huyu bwana atakataa yote kwa neno moja, nami sina cha kumuuliza zaidi." Nilitamani kulia. Nikarudi nyumbani na karatasi zangu.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Tukio la kwanza niliandika hivi: "Jumatano tarehe 12 Juni 2024, kama saa 4 asubuhi, kwenye kikao cha mauzo, msimamizi wangu alisema: 'Wateja wanafuata umbo lako, siyo hizo takwimu zako.' Tulikuwa watu sita. Sikujibu." Basi. Maneno yake niliyaweka kama alivyoyatamka, maana ukiandika tu "alinitukana" unampa nafasi ya kusema alikuwa anatania. La pili likawa Alhamisi tarehe 20 Juni, saa 11:40 jioni: alinishika bega mezani kwangu, nikautoa mkono wake, akacheka, akaurudisha. "Ananitaka kimapenzi" niliifuta. Hiyo ilikuwa tafsiri yangu. Mkono begani ndio tukio.

Upande wa mashahidi ndio ulionitoa jasho. Shosti wangu wa meza ya jirani aliona ule mkono, lakini nilipomwambia nitamtaja, akashtuka: "Dada, mimi nina watoto, usiniingize." Sikumlazimisha, wala sikumwandikia ushahidi mdomoni. Niliandika tu kwamba alikuwepo mezani kwake muda huo. Kumuuliza aliona nini ni kazi ya mchunguzi. (Alipoitwa, alisema kweli. Nilimnunulia chipsi kuku.)

Halafu kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp, aliotuma saa 5 usiku, akiniuliza nimevaa nini. Nilipiga picha ya skrini ikionyesha namba yake, tarehe na saa, na ule wenyewe sikuufuta kwenye simu. Sasa hapa kuna doa: nilikuwa nimemjibu kwa kikatuni cha kucheka. Niliogopa, nikaona nikae kimya tu. Nashukuru sikufuta wala kuficha. Niliandika: "Nilijibu kwa kucheka kwa sababu niliogopa tathmini yangu ya Julai, ambayo yeye ndiye anaisaini." Kwenye kikao alilirusha jambo hilo kama bomu, kumbe mezani lilikuwepo tayari.

Mwisho, nilitaka nini? Nilidhani nataka afukuzwe. Yule mama akanieleza kwamba adhabu huamuliwa baada ya mlalamikiwa kusikilizwa, na kwamba siri ya asilimia mia hawezi kuniahidi, kwani mtu lazima aambiwe anatuhumiwa nini. Nikaomba yanayowezekana: malalamiko yachunguzwe na nijulishwe matokeo kwa maandishi, wakati wa uchunguzi niripoti kwa mtu mwingine, tathmini yangu asiifanye yeye, na asinitumie ujumbe usio wa kazi.

Nilipeleka nakala mbili. Moja ilibaki kwao, nyingine nikaondoka nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi. Msione ni ukorofi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na ofisi ikikuzungusha unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi, muda wa kufungua ni siku 60. Ukichelewa, inabidi kwanza uombe kuongezewa muda na utoe sababu nzuri. Ukikaa unangoja "tunalifanyia kazi" hadi Krismasi, imekula kwako.

Wiki ya kwanza nilihamishiwa kwa msimamizi mwingine. Uchunguzi ulichukua mwezi na zaidi, akapewa onyo la mwisho la maandishi. Bado yupo. Tunakutana kantini, ananisalimia "Habari za kazi?" nami namjibu, "Nzuri," naendelea na wali wangu.