Kuomba Kuhama Idara Si Kumtukana Kapita



Tangazo likibandikwa ubaoni kwamba karakana inatafuta msaidizi wa fundi, au kwamba idara ya kufunga mizigo ina nafasi, wengi wetu hulisoma mara mbili kisha tukarudi kwenye mashine zetu kimya. Si kwamba kazi ile hatuiwezi. Tunaogopa uso wa kapita. Tunajua atasema, "Kwa hiyo mimi nimekushinda?" Na tunajua kwamba kesho yake zamu inaweza kubadilika.

Sisi tunasema woga huu una sababu, lakini una dawa yake pia. Tutaeleza kwa mfano wa ndugu mmoja wa kiwanda cha nguo hapa Kigali, ambaye kesi yake ilifika mezani petu.

Ndugu huyu alikuwa akishona kola za mashati kwa miaka minne. Karakana ilipotangaza nafasi, alikwenda kwanza kwa mkuu wa karakana, akamwonyesha jinsi anavyoweza kurekebisha mashine, akakubaliwa kwa mdomo. Hapo ndipo alipokosea. Mkuu wa karakana alizungumza na kapita wa mstari wa kushona wakati wa chakula, na kapita akasikia habari za mtu wake kutoka kwa mtu mwingine, mbele ya watu. Akaona ameaibishwa. Wiki ile ile ndugu yetu alipelekwa zamu ya usiku, akaambiwa, "Ngoja tumalize oda hii." Oda ikaisha, ikaja nyingine.

Alipotujia alitaka kuacha kazi. Tulimwambia asubiri, tuihesabu kwanza shida ya kapita. Maana kapita naye ana mtu juu yake. Anaulizwa kila jioni mashati mangapi yametoka. Kola ndiyo kazi ngumu ya mstari, na akiondoka mshonaji wa kola bila mwingine kushika nafasi, walio mbele yake hukaa bure na walio nyuma yake hujaza marundo. Hasira ya kapita mara nyingi si chuki, ni hesabu. Basi ukienda kwake na ombi tupu umempelekea tatizo. Ukienda na ombi pamoja na mtu wa kushika kazi yako, umempelekea tatizo na jibu lake.

Tulimshauri aende kwa kapita peke yake, mwisho wa zamu, wala si wakati mashine zinanguruma. Amwombe radhi kwa kuwa habari zilimfikia kwa njia ya pembeni, lakini asiombe radhi kwa kutaka kuhama, kwa sababu hilo si kosa. Kisha ampe barua fupi yenye mambo manne: kazi anayoifanya sasa, nafasi anayoiomba, wenzake wawili atakaowafundisha kola, na tarehe anayopendekeza kuhama. Nakala moja iende ofisi ya utumishi, nyingine kwa wajumbe wa wafanyakazi, ya tatu abaki nayo mwenyewe, ikiwa na sahihi ya aliyepokea na tarehe. Barua isiyo na sahihi ya kupokelewa ni kama haikuandikwa.

Kuhusu tarehe, sisi tuna msimamo wetu. Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66/2018, haimpi mfanyakazi haki ya kuhamishwa kwa sababu tu ameomba. Tusidanganyane katika hilo; mwajiri anaweza kukataa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi, akitaka kuacha, atoe taarifa ya siku 30. Sasa tunauliza: ikiwa anayeondoka kabisa anaachiliwa baada ya siku 30, huyu anayebaki katika kiwanda kile kile, ambaye kesho anaweza kuitwa kuonyesha kazi yake ya zamani, azuiliwe mwaka mzima kwa haki gani? Kwa hiyo ndugu yetu aliandika siku 30. Hilo usiliseme kama tishio la kuacha kazi. Liseme kama kipimo, na meneja ataelewa.

Kapita hujibu kwa njia tatu. Ya kwanza ni ahadi: "Baki, nitakuombea nyongeza." Jibu lake ni kuomba ahadi hiyo iandikwe na mwenye uwezo wa kuitimiza, kwa kuwa kapita hapangi mishahara. Ya pili ni kuchelewesha: "Baada ya msimu." Jibu lake ni kuuliza tarehe. Kama msimu kweli una kazi nyingi, tarehe ya mwisho wake inajulikana. Asiyeweza kutaja tarehe amekataa, ila hataki kusema.

Ya tatu ni adhabu iliyofichwa. Mtaitambuaje? Tazameni kama mabadiliko yamekuja baada ya ombi, na kama yamempata mwombaji peke yake. Mstari mzima ukipelekwa usiku, hiyo ni ratiba. Akipelekwa mmoja tu, siku tatu baada ya barua, hilo ni jambo la kuandikwa. Andika tarehe, zamu, na maneno aliyoambiwa. Usijibizane, usichelewe kazini, wala usipunguze kasi kwa hasira, kwa sababu hapo utampa sababu ya haki ya kukuadhibu. Peleka daftari lako kwa wajumbe wa wafanyakazi, ambao sheria imewapa kazi ya kusuluhisha kwanza mgogoro wa mfanyakazi na mwajiri. Wakishindwa, mgogoro huenda kwa mkaguzi wa kazi wa eneo kilipo kiwanda, na baada yake mahakamani.

Kwa ndugu yetu haikufika huko. Wajumbe walikaa na kapita na ofisi ya utumishi, barua iko mezani. Kati ya wenzake wawili, mmoja hakufika hata nusu ya idadi yake wiki ya kwanza, lakini wiki ya nne alikuwa amebakiza kidogo. Kapita alipoona mashati hayapungui, alitia sahihi mwenyewe.

Bado kulikuwa na shimo moja. Kule kwenye mstari alikuwa akipata nyongeza kila anapovuka kiwango cha siku. Karakana haina nyongeza hiyo. Angehama bila kuuliza, mwisho wa mwezi angepokea pungufu na kudhani ameibiwa. Aliuliza, akajua, akahesabu na mke wake, wakakubali kwa ajili ya ufundi. Nanyi fanyeni hivyo. Kabla ya kutia sahihi karatasi ya uhamisho, someni mshahara, zamu, na kama kuna kipindi cha majaribio, na mkishindwa mtarudi wapi. Hakikisheni imeandikwa kwamba miaka yenu ya kazi inaendelea kuhesabiwa, kwa maana mwajiri ni yule yule. Anayehama idara hajaajiriwa upya.

Na kwa ndugu makapita, nanyi ni wafanyakazi kama sisi. Mstari unaosimama kwa sababu mtu mmoja ameondoka ulikuwa na kasoro kabla hajaomba. Fundisheni watu wawili kila kazi ngumu, na siku ya barua hamtakuwa na sababu ya kukasirika.

Umoja ni nguvu.